Bei Imepelekwa, Jibu Halijarudi

Fundi aliyepeleka bei yake naye hajajibiwa huingia katika mashaka. Akinyamaza, kazi yaweza kupewa mwingine. Akifuata kila siku, aonekana msumbufu. Tumfikirie seremala wa Mumosho, kusini ya Bukavu, karibu na mto Ruzizi. Shule moja ya mjini imemwomba devi, yaani hati ya bei, ya madawati 40. Tarehe 20 Juni aipeleka: dola 35 kila dawati, jumla dola 1,400, nusu ilipwe kabla ya kazi. Siku kumi zapita, kimya.

Kimya hicho si lazima kiwe dharau. Mkuu wa shule mara nyingi hana mamlaka ya kutoa fedha peke yake. Hungoja mkutano wa wazazi. Basi kumkamata mlangoni pa kanisa baada ya Misa, mbele ya watu, na kumwuliza, “Mbona hamnijibu?” ni kumwaibisha kwa jambo lisilo mikononi mwake. Kosa la pili, nami naliona kubwa zaidi, ni kupunguza bei kabla ya kuombwa. Mtu akishuka mwenyewe kutoka dola 35 hadi 30, mnunuzi atauliza zile tano zilikuwa za nini.

Seremala wetu na aihesabu kazi yake kwa kurudi nyuma. Wafanyakazi wake wawili humaliza madawati manane kwa juma. 40 yataka majuma matano, na juma moja la kununua mbao. Masomo yaanza mwezi wa Septemba. Basi agizo lifike tarehe 18 Julai. Siku hiyo ingefaa kuandikwa tangu mwanzo katika hati, kuwa mwisho wa bei. Sasa anayo sababu ya kweli ya kuandika, nayo yamhusu mnunuzi pia:

“Bwana Mkuu, nakusalimu kwa heshima. Tarehe 20 Juni niliwaletea bei ya madawati 40, dola 1,400. Ili yawe tayari kabla ya masomo, sina budi kupata agizo kufika tarehe 18 Julai. Je, wazazi watakutana kabla ya siku hiyo? Kama mmemchagua fundi mwingine, tafadhali unijulishe, nipate kupokea kazi nyingine.”

Swali ni moja, na jibu lake ni fupi. Akiambiwa, “Twakutana tarehe 12,” angoje, kisha apige simu tarehe 14. Akiambiwa tu, “Tutaona,” asiweke mbao kwa ajili yao.

Tarehe 19 Julai, kama hakuna neno, aandike mara ya mwisho kwamba bei ile imekwisha muda, na kwamba yu tayari kuandika nyingine wakihitaji. Huenda mkuu akamwita tarehe 10 Agosti, mwenye haraka. Hapo aulize kwanza bei ya mbao ya siku hiyo, kisha aseme wazi: kabla ya Septemba atatoa madawati 16, si 40.