Acheni kunyunyizia “It was” kwenye insha

Kila nikikutana na wanafunzi wa Bukoba na Muleba, swali ni lilelile: “Insha niweke It was ngapi ili iwe na mkazo?” Hata moja, kama huna sababu. Chanzo ni zoezi la kuandika upya sentensi, linaloamuru “anza na It was”. Mwanafunzi hugeuza sentensi muhula mzima bila kuulizwa maana, akaamini kuwa muundo huo ni sentensi ileile iliyotiwa nguvu. Imani hiyo ni potofu, na inaharibu insha nzuri.

Chukueni tetemeko lililopiga Bukoba Septemba 10, 2016. The earthquake damaged Ihungo. Hiyo ni habari kamili, na ya kweli: majengo ya Shule ya Sekondari Ihungo yaliharibika vibaya. Sasa geuza: It was Ihungo that the earthquake damaged. Hapo umemchukulia msomaji kuwa anajua tayari kuna mahali paliharibiwa, na anasubiri kutajiwa jina tu. Tena umemwambia ni Ihungo, si kwingine. Aliyesoma Nyakato atakubishia, na ana haki, maana shule yao nayo iliharibika. Sentensi ya kweli umeigeuza kuwa ya kupotosha, kisa mkazo!

Kipimo ni kukanusha. Sema It was not Ihungo that the earthquake damaged. Jina limekanushwa, lakini uharibifu umebaki palepale, na msikilizaji atauliza, “Wapi basi?” Kile kinachobaki ndicho ulichodhani msomaji anakijua. Kama hakijui, achana na muundo huu.

Mbona kwa Kiswahili hamkosei? Hakuna anayeingia sebuleni, watu wanaongea habari za kahawa, akaanza na “Ihungo ndiyo iliyoharibika.” Tunasema hivyo mtu akiwa ametaja shule nyingine, nasi tunamsahihisha. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Mwenzako ameandika kuwa tetemeko lilikuwa 2015? Mjibu: It was in 2016 that the earthquake struck Bukoba. Hapo muundo umefika kwake.

Muundo wa what ni mwepesi zaidi, kwa kuwa jambo jipya linakuja mwishoni: What they needed was tents. Ukitaka kusisitiza kitendo, tumia huu, maana ule wa it haukibebi: What they did was sleep outside. Msirudishe it katikati. What they needed it was tents ni kosa ninaloliona kila siku, futeni it. Na anayesisitizwa akiwa mtu, acheni what, andikeni The person who helped us was the nurse.