Maziwa ya unga katika mtindi: vijiko vinne vyatosha

Mtindi ukitoka mwepesi, baadhi ya akina mama wa Ujiji na Kigoma mjini hutia maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Njia hiyo ni sahihi, kwani kinachousimamisha mtindi ni protini, nayo ni kiasi cha thuluthi ya uzito wa unga huo. Tatizo ni kipimo.

Kwa lita moja, gramu 25 hadi 30 zatosha, yaani vijiko vikubwa vinne vilivyosawazishwa. Kwa lita tatu za futari, ni vijiko 12. Koroga unga maziwa yakiwa bado baridi. Katika maziwa ya moto hufanya madonge. Bandika kwa moto mdogo ukikoroga hadi chini, maana unga hushika sufuria. Yakikaribia kuchemka, yaweke katika joto hilo dakika kumi. Yakipoa hata kidole kistahimili, tia vijiko viwili vya mtindi wa mbegu kwa kila lita, funika, uache mahali penye joto saa sita hivi bila kutikisa.

Ukifikia vijiko vinane kwa lita, ulimi huhisi ungaunga kama chaki. Tena protini ya ziada huidhoofisha asidi, hivyo mtindi huchelewa kuganda, na ukishaganda huwa mkali.

Ikiwa vijiko vinne havikutosha, usiongeze cha tano. Aghlabu maziwa hayakupata moto wa kutosha, au yalitikiswa. Au soma pakiti: unga uliochanganywa na mafuta ya mimea si huu.