Doti moja, winda kumi na mbili na mtu wa kufua

Mama anayekaribia kujifungua Tanzania huwa na mkoba uliofungwa mapema ukimsubiri kando ya mlango. Ndani ya mkoba huo, pamoja na pamba, glavu na mpira wa kutandika kitandani, hakukosi khanga. Moja atajifunga mwenyewe, nyingine itatandikwa, nyingine itampokea mtoto na kumfunika kichwa ili asipoteze joto. Siku za mwanzo za mtoto mchanga zinahitaji vitambaa vingi kuliko vitu vingine vyote, na hapo ndipo rafiki mwenye pesa kidogo anapoweza kutoa zawadi ambayo hata mwenye pesa nyingi huisahau.

Wengi wanapobanwa na pesa hukimbilia kitu kidogo kinachong'aa: kopo la poda, chupa yenye chuchu ya mpira, soksi za rangi zisizomkaa mtoto mguuni. Fedha hiyo imepotea. Poda ikipeperuka huingia kwenye mapafu ya mtoto, na haifai kabisa kuwekwa kwenye kitovu, ambacho kinatakiwa kiachwe kikauke chenyewe kikiwa safi. Chupa nayo haina kazi kwa mtoto anayenyonya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji, na mama aliyeletewa chupa na maziwa ya kopo na watu anaowaheshimu hupata kazi ngumu ya kukataa.

Pampasi ni jambo jingine. Zinasaidia sana usiku na safarini, na hakuna sababu ya kuzibeza. Ila mtoto anayenyonya vizuri, akishapita siku chache za kwanza, hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mbali na choo. Pakiti ndogo iliyonunuliwa kwa kujikamua huisha kabla wageni hawajamaliza kuja kumtazama mtoto. Kitambaa hufuliwa kikarudi kazini, kikamkuza huyu na kikamngoja mdogo wake.

Ndiyo maana khanga inastahili kutazamwa upya, na si kama kitu cha kununua tu. Thamani ya zawadi hii imo katika kazi inayofanywa kabla haijamfikia mzazi.

Doti ni pande mbili zilizofumwa pamoja bila kukatwa. Kila upande una pindo linalozunguka, mji katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Ukubwa wa upande mmoja ni kama sentimita 150 kwa 110. Pima vizuri, maana hesabu ya winda inaanzia hapo. Upande huo ukikatwa vipande vya sentimita 50 kwa 50 hutoa vipande sita: vitatu kwa urefu, viwili kwa upana. Hubaki utepe wa sentimita 10, ambao ukikatwakatwa hutoa vitambaa vya kumpangusia mtoto mdomo anapocheua. Kila kipande kikishakunjwa ukingoni na kushonwa hupungua kidogo, lakini bado kinamtosha mtoto mchanga kikikunjwa pembetatu, kisha kikakunjwa tena ili kiwe kizito katikati.

Khanga ya kukata winda iwe kuukuu. Hapa wengi huona haya, wakidhani kumpa mtu kitu kilichotumika ni kumdharau, na haya hiyo haina msingi. Khanga mpya hutoka kiwandani ikiwa na wanga unaoifanya ikae wima na kupendeza dukani. Wanga huo huzuia maji yasiingie kwenye nyuzi, kwa hiyo winda la khanga mpya huacha mkojo utiririke mapajani. Rangi yake pia huchuja. Khanga iliyofuliwa mwaka mzima imeshapoteza wanga, imeshatoa rangi ya ziada, nyuzi zimelegea na zinanyonya. Ngozi ya mtoto hufurahia kitambaa cha namna hiyo. Bibi wa Pwani anayejiandaa kupokea mjukuu huanza kwa kupekua sanduku lake la nguo za zamani.

Si kila khanga kuukuu inafaa, kwa sababu nyingine si pamba. Sokoni zimejaa zilizochanganywa na nyuzi za plastiki: zinateleza mkononi, hazikunjiki, na maji hubaki juu yake kama matone. Jaribio la uhakika ni kuchomoa uzi mmoja ukingoni na kuuchoma kwa kiberiti, mbali na kitambaa chenyewe. Uzi wa pamba huungua ukitoa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi yanayosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki huyeyuka, unanuka vibaya, na huacha kidonge kigumu cheusi. Ubaki na huo wa plastiki kwa kazi nyingine, usimfunge mtoto.

Tuchukue mfano wa marafiki watatu wa Mbagala wanaomwendea mwenzao aliye katika mwezi wa nane. Kila mmoja ana shilingi 5,000, jumla 15,000. Bei zinatofautiana kwa duka na msimu, lakini tuseme wamepata doti nzuri ya pamba kwa 10,000, mche wa sabuni kwa 3,000, na 2,000 imebaki ya fundi cherehani. Mmoja ana pande mbili za khanga za zamani nyumbani. Hizo mbili zinatoa winda 12. Wanazifua kwa sabuni, wanazichemsha kwenye sufuria kubwa, wanazianika juani, wanazikata, na kumpelekea fundi azipinde kingo. Fundi akiambiwa ni za mtoto mchanga, aelezwe pia ashone upindo mwembamba, kwa maana upindo mnene hukwaruza mapaja. Doti mpya haikatwi vipande. Inatenganishwa katikati tu, inapindwa, na kufuliwa mara mbili tatu, ya kwanza peke yake ili isichafue nguo nyingine. Upande mmoja ni wa mama, mwingine ni wa kumfunika mtoto.

Winda 12 zitoshe? Kwa siku ya jua, ndiyo: nusu zinatumika, nusu zinakauka. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hazitoshi, na marafiki hao wangefanya vizuri kutafuta pande mbili nyingine kuukuu ziwe 24. Pini zinaweza kuachwa kabisa. Ncha za winda hufungwa fundo dogo, na mama halali akihofia pini iliyofunguka.

Kisha pasi. Hatua hii hudharauliwa kwa sababu winda halionekani likivaliwa, lakini ina sababu kubwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake hupenya ngozi na kutokea kama jipu lenye kitobo katikati. Joto la pasi, hasa kwenye mishono na mikunjo, huua mayai hayo. Anayeleta winda zilizopigwa pasi na kufungwa ndani ya mfuko safi amempa mzazi kitu kinachoweza kutumika dakika hiyo hiyo.

Sasa jina. Khanga ni nguo inayosema, na tangu maneno yaanze kuchapishwa juu yake mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Pwani wametumia jina kupeana pole, hongera na hata mafumbo makali. Muuzaji wa Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam au wa Mtaa wa Biashara kule Mombasa, ambako khanga huitwa leso, atamfunulia mteja rundo zima akitaka. Mteja asione aibu kusoma moja moja. Jina lenye hongera au la kumsifu mama halina hatari. Majina ya wivu na maneno ya watu yaachwe, hata kama rangi inavutia, kwa sababu mama mzazi atakaa nayo kitandani siku nyingi na kila mgeni atayasoma. Yako pia ya katikati. "Japo sipati tamaa sikati" ni jina zuri, lakini kwa mwanamke aliyengoja mtoto kwa miaka linaweza kumfariji au kumchoma, kutegemea nani kalileta. Rafiki wa karibu atajua. Asiyejua achague jingine.

Kwa harusi, fedha ile ile ingeelekezwa kwenye kisutu, khanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo kwa desturi ya Pwani na Zanzibar huandamana na bibi harusi, na ambayo kwa kawaida haina jina. Mtoaji wa kisutu hana haja ya kuhangaika na maneno.

Muda wa kutoa una uzito wake. Familia nyingi hazipendi nguo za mtoto zinunuliwe kabla hajazaliwa, na hofu hiyo iheshimiwe. Lakini khanga ni ya mama, haimtaji mtoto, na hakuna mzee atakayekunja uso ikiletwa mwezi wa nane. Ikija mapema, inaingia kwenye mkoba wa hospitali. Ikija siku ya arobaini, mama ameshapita siku ngumu kuliko zote bila hiyo.

Na yule asiye na hata hiyo 5,000 ana siku ya kufua. Hili liwe na siku na saa, lisiwe ahadi ya mdomoni. "Mama fulani, nitakuja Jumanne na Ijumaa saa mbili asubuhi kwa wiki tatu, niwekee winda kwenye ndoo yake" ni kauli inayompa mzazi kitu cha kutegemea, hasa aliyejifungua kwa upasuaji na kuambiwa asiiname wala asibebe ndoo. Kauli ya "ukihitaji chochote niite" haimsaidii, kwa kuwa mzazi mgeni huona haya kuita. Winda zenye choo huondolewa uchafu kwanza, huloekwa peke yake, hufuliwa kwa sabuni ya mche, husuuzwa mpaka maji yabaki meupe kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha ngozi, na huanikwa juani kwenye kamba. Anayefua hatakiwi kukaa kupokewa kama mgeni, wala kumwamsha mtoto ili ambebe. Anafua, anapiga pasi zilizokauka za juzi, anaaga.

Kwa hiyo, msomaji mwenye rafiki aliye mwezi wa saba au wa nane, fungua sanduku lako leo, chagua pande mbili za pamba zilizochoka, zichome uzi ujiridhishe, na uweke maji jikoni yachemke.