Mswada wa Dakika 3 kwa Mwaka wa Kwanza

Mswada wa video ya mbinu za kusoma huandikwa kwa safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Dakika 3 hubeba maneno kama 350 tu, kwa hiyo hotuba haina nafasi. Kitu kionekane kikifanyika.

Tuanze na noti. Kamera inatazama daftari kutoka juu. Mkono unachora mstari wa wima, ukiacha kushoto upana wa vidole vitatu. Kulia yanaandikwa ya mhadhara, kushoto, jioni ileile, yanaandikwa maswali: “Kwa nini bei hupanda mahitaji yakizidi?” Mtindo huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kisha mkono unafunika upande wa kulia, na mwanafunzi anajibu bila kuchungulia.

Picha inayofuata ni ratiba. Mhadhara wa Jumatatu umetengewa nusu saa Jumanne, Ijumaa, na tena wiki inayofuata, kwa maswali yaleyale. Anayefanya hivyo hahitaji kukesha na desa usiku wa kuamkia mtihani.

Kabla ya kurekodi, msomee mwanafunzi mswada wako. Akishindwa kusema atafanya nini baada ya kipindi cha kesho, uandike upya.