Barua ya kukubali ikiwa njiani: nani amefungwa, nani bado yuko huru?



Kuna swali ambalo wanafunzi wangu hulijibu haraka mno, na hata wafanyabiashara wetu wa huku nje hulijibu vivyo hivyo: ukikubali pendekezo la biashara kwa barua, mkataba unaanza lini? Wengi watakwambia kwamba unaanza barua inapotumbukizwa posta, basi, yamekwisha. Kwa Uingereza jibu hilo lina ukweli mkubwa. Kwa Tanzania ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaponza watu.

Tuanze Uingereza, maana huko ndiko kanuni ilikozaliwa. Tarehe 2 Septemba 1817 wauzaji wa sufi waliwaandikia wanunuzi wa Bromsgrove kuwapa bei, wakataka jibu kwa posta. Anwani waliikosea, barua ikazunguka, ikafika tarehe 5 jioni. Wanunuzi wakakubali jioni ile ile, na jibu lao likafika tarehe 9. Lakini tarehe 8 wauzaji walikuwa wameshachoka kungoja, wakamuuzia mtu mwingine. Katika shauri hilo, Adams dhidi ya Lindsell la 1818, mahakama iliwapa ushindi wanunuzi. Mkataba ulikuwapo tangu walipoposti jibu lao. Hoja ya mahakimu ilikuwa nyepesi: kama kukubali kungengoja mpaka muuzaji apate habari, basi mnunuzi naye angengoja apate habari kwamba muuzaji amepata habari, na mambo yasingekwisha mpaka kesho kutwa.

Kutengua pendekezo, kwa upande mwingine, hakuna upendeleo huo. Tarehe 1 Oktoba 1879 kampuni ya Cardiff iliiandikia kampuni ya New York ikipendekeza kuuza makasha 1,000 ya mabati ya kutengenezea makopo. Tarehe 8 ikaposti barua ya kutengua. Tarehe 11 wa New York walipata pendekezo, wakakubali papo hapo kwa telegramu, na tarehe 15 wakathibitisha kwa barua. Barua ya kutengua iliwafikia tarehe 20. Jaji Lindley aliamua mwaka 1880 kwamba mkataba upo, kwa kuwa kutengua hakufanyi kazi mpaka kumfikie mwenzako. Kwa hiyo ile hesabu ya "nani aliandika kwanza" haina maana yoyote. Aliyeandika tarehe 8 alishindwa na aliyejibu tarehe 11.

Sasa tugeuze kibao. Je, ikiwa anayebadili nia si aliyetoa pendekezo bali ni yule aliyekubali? Ameposti barua, kisha anapiga simu inayoitangulia barua na kusema, "Sitaki tena." Uingereza hakuna hukumu iliyolimaliza jambo hili, na wanazuoni wanavutana. Mantiki ya posta inasema umechelewa, mkataba umeshafungwa. Wengine wanauliza muuzaji ameumia wapi, ikiwa hakujua kama umekubali mpaka alipoambiwa kwamba hukubali.

Tanzania haina haja ya mvutano huo, maana sheria imesema wazi. Sheria yetu ya Mikataba, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1961, ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kenya ilikuwa ikitumia sheria hiyo hiyo ya India, lakini mwaka huo huo wa 1961 ikahamia kwenye sheria ya kimahakama ya Kiingereza. Ndiyo maana Mtanga na Mmombasa, jirani wa pwani moja, wanaweza kupata majibu tofauti kwa barua ile ile.

Kifungu cha 4 cha sheria ya Tanzania kinagawa wakati wa kukubali mara mbili. Kwa aliyetoa pendekezo, kukubali kumekamilika pale barua inapowekwa njiani kumwelekea, mahali ambapo mkubali hawezi tena kuizuia. Kwa mkubali mwenyewe, kumekamilika pale mtoa pendekezo anapopata habari. Kifungu cha 5 kinaongeza kwamba kila mmoja anaweza kutengua lake mpaka wakati wake utimie, si zaidi.

Tuchukue mfano. Muuzaji yuko Maskati, mnunuzi yuko Tanga, na wamekubaliana kwamba sheria ya Tanzania ndiyo itakayotumika. Muuzaji anapendekeza kwa barua kuuza jenereta, barua inafika Tanga tarehe 10. Tarehe 11 asubuhi mnunuzi anaposti barua ya kukubali. Tarehe 14 anaona jenereta ya bei nafuu zaidi, anampigia simu muuzaji na kufuta. Barua yake inafika Maskati tarehe 18.

Mnunuzi yuko huru. Simu imemfikia muuzaji kabla ya barua. Lakini angalieni upande wa pili: muuzaji alikuwa amefungwa tangu tarehe 11. Kama tarehe 13 angemuuzia mtu mwingine, na mnunuzi wa Tanga asingefuta, angekuwa amevunja mkataba, japokuwa hakujua kama mkataba upo. Tena tuseme alituma barua pepe ya kutengua tarehe 10 usiku, na mnunuzi akaisoma tarehe 12. Hapo pia amechelewa, maana barua ya kukubali ilikuwa imeshatoka mikononi mwa mnunuzi. Kwa siku hizo saba mmoja kafungwa kamba, mwenzake anachungulia soko. Atakayechagua ni mnunuzi peke yake.

Hapa yafaa kuyashika mambo mawili. La kwanza ni lile neno la barua kutoka mikononi. Ukimpa barua kijana wako wa ofisini aipeleke posta, bado iko mikononi mwako, unaweza kumwita arudi. Muuzaji hajafungwa bado. Kwa hiyo wekeni risiti ya posta yenye tarehe na saa. Anayefuta naye aweke ushahidi wa saa ambayo taarifa yake ilimfikia mwenzake, kwa kuwa kesi nzima itasimama juu ya saa hizo mbili.

La pili, msiipeleke kanuni hii kwenye simu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua mwaka 1955, katika shauri la Entores, kwamba kukubali kwa teleksi kunakamilika pale ujumbe unapopokelewa. Mahakama Kuu Kabisa ya India, ikiwa na maneno yale yale ya sheria tuliyorithi, ilifuata njia hiyo kuhusu simu mwaka 1965, ingawa jaji mmoja alipinga. Mkizungumza papo kwa papo hakuna barua iliyo njiani, kwa hiyo hakuna mwanya wa kugombania.

Muuzaji wa Maskati angejiokoaje? Kwa sentensi moja tu ndani ya pendekezo lake: "Sitafungwa mpaka jibu lako la maandishi linifikie." Mwaka 1973, katika shauri la Holwell dhidi ya Hughes, mnunuzi aliposti barua ya kukubali ikapotea, akashindwa, kwa sababu masharti yalidai taarifa ya maandishi imfikie muuzaji. Kanuni ya posta huondoka pale mwenye pendekezo anapoiondoa. Asipoiondoa, asishangae kukuta amefungwa na barua ambayo hajaiona.