Rudisha Mikono, Shingo Iache

Mteja amepigwa picha dukani kwa fundi cherehani akiwa amevaa gauni lake la bluu, la mikono mirefu na shingo ya duara. Fundi ameipeleka picha kwenye programu ya akili mnemba na kumwonyesha gauni lilelile likiwa na mikono ya puto, kisha likiwa na shingo ya V. Mteja amefurahi, ameaga. Baada ya siku kadhaa unaingia ujumbe wa sauti: "Dada, nimefikiria tena. Mikono nirudishie ile yangu ya mwanzo, ila shingo iache hivyohivyo."

Kwa fundi aliyezoea kushona, ombi hilo ni la kawaida. Kazi inaanza anapofungua kompyuta. Humo anakuta `gauni bluu.jpg`, `gauni bluu mpya.jpg`, `gauni bluu mpya final.jpg` na `gauni bluu final 2 (1).jpg`. Ipi ilitoka kwenye ipi? Hakuna anayejua. Mara nyingi anaishia kuanza upya, na shingo anayoipata safari hii si ile aliyoipenda mteja.

Maduka ya nguo, mafundi na studio za picha wanaobadilisha mavazi kwa njia hii wana tatizo ambalo programu yenyewe haiwatatulii. Kitufe cha kurudi nyuma hufuta hatua ya mwisho kwanza, halafu iliyotangulia, na ukifunga programu kumbukumbu hiyo mara nyingi hupotea. Mteja wa gauni la bluu anataka kitu kingine: kuondoa hatua ya kwanza huku ya pili ikibaki. Hilo linawezekana ikiwa vitu vinne vimetunzwa na vinajulikana kwa majina yao: picha ya asili, maski, maelekezo na tokeo.

Maski ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni picha ya rangi nyeupe na nyeusi, yenye upana na urefu uleule wa picha inayohaririwa. Palipo peupe programu inaruhusiwa kuchora upya, palipo peusi haigusi. Fundi anayepaka brashi juu ya mikono ya gauni kwenye skrini anatengeneza maski hata kama haioni ikiwa faili. (Zipo huduma zinazotaka sehemu ya kubadilishwa iachwe tupu, bila rangi yoyote, badala ya kupakwa nyeupe. Duka lichague mtindo mmoja na kuubaki nao.) Programu nyingi huitupa maski hiyo kazi ikiisha, kwa hiyo ni lazima kuihifadhi kwa makusudi.

Sasa turudi kwenye gauni la bluu, safari hii katika duka lililojipanga. Mteja amepewa namba, K0147. Picha yake ya pili ndiyo iliyochaguliwa, basi ni p02. Kila badiliko linaitwa hatua, na hatua zinahesabiwa h01, h02 na kuendelea. Folda ya picha hiyo inaonekana hivi:

```
K0147_p02_asili.jpg
K0147_p02_msingi.png
K0147_p02_h01_maski-mikono.png
K0147_p02_h01_maelekezo.txt
K0147_p02_h01_tokeo-a.png
K0147_p02_h01_tokeo-b.png
K0147_p02_h02_kutoka-h01b_maski-shingo.png
K0147_p02_h02_kutoka-h01b_maelekezo.txt
K0147_p02_h02_kutoka-h01b_tokeo-a.png
```

Sehemu yenye thamani kubwa hapo ni `kutoka-h01b`. Programu ilileta mikono ya puto ya aina mbili, a na b, mteja akachagua b, na shingo ikachorwa juu ya hiyo. Bila maneno hayo machache mtu atadhani h02 ilitoka kwenye a, kwa kuwa a ndiyo ya kwanza kuonekana. Sifuri mbele ya namba nazo zina kazi, maana kompyuta nyingine hupanga h10 kabla ya h2, lakini h02 hukaa mahali pake. Jina halina nafasi kati ya maneno, halina mkwaju wala nukta mbili, kwa sababu Windows hukataa baadhi ya alama hizo. Halina pia jina la mtu. Jina na namba ya simu ya mteja vinakaa kwenye daftari la duka pekee, pembeni ya K0147.

Faili la `msingi` lahitaji maelezo. Picha ya simu mara nyingi huhifadhiwa imelala ubavu, pamoja na alama ya siri inayoiambia skrini iisimamishe. Programu moja huisoma alama hiyo, nyingine huipuuza. Matokeo yake, maski iliyochorwa kwenye picha iliyosimama huwekwa juu ya picha iliyolala, na mikono ya puto inaota kwenye pazia la nyuma. Tatizo la pili ni ukubwa. Picha ya simu inaweza kuwa na pikseli 3024 kwa 4032, wakati programu inarudisha tokeo dogo zaidi, na maski ya picha kubwa haikai juu ya tokeo dogo. Njia ya kukwepa yote mawili ni kutengeneza nakala moja ya kufanyia kazi kabla ya jambo lolote, iliyosimamishwa kwelikweli na kupunguzwa. Kwa programu ya bure ya ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick K0147_p02_asili.jpg -auto-orient -resize 1152x1536 K0147_p02_msingi.png
```

Kuanzia hapo asili haiguswi tena. Kila maski na kila tokeo vinapimwa kwa msingi, na vyote lazima viwe na 1152 kwa 1536. Tokeo likirudi na vipimo tofauti, hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kuna jambo halijakaa sawa, na ni vizuri kulikagua siku hiyohiyo.

Faili la maelekezo ni maandishi ya kawaida, mafupi. Linabeba yale maneno fundi aliyoiandikia programu bila kubadilisha hata herufi, jina la programu na toleo lake, tarehe iliyoandikwa kuanzia mwaka, kwa mfano 2025-06-09, namba ya mbegu kama programu inaionyesha, na mstari wa mwisho: mteja alichagua b. Mbegu ni namba inayoanzisha ule uchoraji wa kubahatisha. Ukiirudia pamoja na maski, maelekezo, mipangilio na toleo lilelile, unapata picha ileile au iliyo karibu sana nayo. Neno "karibu" lichukuliwe kwa uzito. Kompyuta tofauti inaweza kuleta tofauti ndogo, na huduma ya mtandaoni ikibadilisha mtambo wake huwezi tena kuipata ile ya zamani. Ndiyo maana tokeo lenyewe huhifadhiwa. Maelekezo yanaeleza lilivyopatikana, lakini si bima ya kulipata tena.

Wanaotumia Stable Diffusion, mtambo uliotolewa kwa umma mwaka 2022, hupata msaada wa ziada. Programu maarufu za kuuendeshea, AUTOMATIC1111 na ComfyUI, huandika maelekezo na mbegu ndani ya faili la PNG lenyewe. Lakini tokeo likitumwa kwa mteja kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida, hugeuzwa JPEG, hubanwa, na maandishi yale hupotea. Picha inayorudi kutoka kwenye simu ya mteja isiingizwe kamwe kwenye folda ya kazi kana kwamba ni tokeo. Duka linaloipokea huitumia kutambua namba tu, kisha hufungua faili lake lenyewe.

Basi, ombi la mteja. Mikono ya asili ipo kwenye msingi. Shingo mpya ipo kwenye tokeo la h02. Mahali hasa ilipo mikono panajulikana kwa maski ya h01. Kinachobaki ni kuchukua tokeo la h02 na kubandika msingi juu yake, ndani ya eneo jeupe la maski ya mikono peke yake:

```
magick K0147_p02_h02_kutoka-h01b_tokeo-a.png K0147_p02_msingi.png K0147_p02_h01_maski-mikono.png -composite K0147_p02_h03_kutoka-h02a_tokeo-a.png
```

Programu ya akili mnemba haijaitwa hata mara moja. Mikono iliyorudi ni pikseli zilezile za msingi. Tokeo linapewa namba h03, kwa sababu kutengua nako ni hatua, na mstari huo wa amri unanakiliwa kwenye faili lake la maelekezo. Kesho mteja akighairi tena, h02 ipo palepale.

Hapa jicho linahitajika begani. Maski ya mikono na maski ya shingo huenda zimepandana, na pale zilipopandana msingi utafunika kipande cha shingo mpya. Utaona mstari mkali au ukingo wa V uliokatika upande mmoja. Dawa ni kunakili maski ya mikono, kupaka nyeusi sehemu iliyoingia kwenye shingo, kuipa jina `K0147_p02_h03_maski-mikono.png` na kurudia amri ile kwa maski mpya. Maski ihifadhiwe PNG daima. JPEG huacha ukungu wa kijivu kando ya mipaka, na ukungu huo hutokea kwenye picha kama kivuli kuzunguka mkono.

Kuna hali ambapo njia hii haisaidii. Tuseme hatua ya tatu ilikuwa kugeuza gauni zima kuwa la kitenge. Ukirudisha mikono kutoka kwenye msingi, utapata gauni la kitenge lenye mikono ya bluu. Hapo hakuna mkato. Inabidi kurudi h02, kutengua mikono, kisha kuweka kitenge upya, na maua ya kitenge hayatakaa kama yalivyokaa awali. Fundi mwenye uzoefu hubadilisha umbo kwanza na kitambaa mwisho, na hachanganyi mambo mawili katika hatua moja.

Programu zinazopokea maneno matupu, bila maski, zina hila yake. Ukiziambia "badilisha mikono iwe ya puto", huchora picha nzima upya, na uso wa mteja unaweza kubadilika kidogo bila mtu kugundua. Hata zile zenye maski zinaweza kusogeza kidogo pikseli za nje ya eneo jeupe, kasoro inayokua hatua baada ya hatua. Kipimo ni kufungua msingi na tokeo kwa ukubwa uleule, kupishanisha moja na nyingine haraka, na kutazama macho na midomo. Vikicheza, chora maski ya mikono kwa mkono wako, kisha bandika mikono mipya tu juu ya msingi kwa amri ileile, safari hii msingi ukitangulia na tokeo likifuata.

Folda ya asili hufungwa isiandikike na kunakiliwa kwenye diski ya nje. Namba ya mteja ina matumizi mengine pia. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika mazingira fulani, na picha ya uso wake ni mojawapo. Mteja wa gauni la bluu akidai hivyo, fundi anatafuta K0147 kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na asili, maski, maelekezo na matokeo yote yanatokea kwa pamoja, tayari kufutwa.