Chai ya chumvi, gurudumu na sauti ya lama

Sisi wa Kericho na Bomet tunaijua chai tangu inapochunwa hadi inaposagwa kiwandani, kisha tunainywa kwa maziwa na sukari. Lakini mji wa Lhasa, katika nyanda za juu za Tibet, uko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi ile mchai haustawi. Majani hutoka Uchina yakiwa yameshindiliwa kama matofali, huchemshwa kwa muda mrefu, halafu husukwasukwa pamoja na siagi na chumvi. Chai hiyo hunywewa hata katikati ya ibada ya Wabudha.

Alfajiri watawa huketi kwa safu ukumbini, kila mmoja na bakuli lake. Kiongozi wa kughani, anayeitwa umdze, huanza kwa sauti nzito na wenzake wakamfuata. Watawa vijana hupita na mabirika, dua fupi ikasomwa, ndipo watu wakanywa. Mara nyingi chai hiyo imelipiwa na muumini aliyeomba asaliwe mgonjwa wake au marehemu. Watawa wa monasteri ya Gyuto wana ufundi wa pekee: koo moja hutoa sauti ya chini kabisa, na juu yake ikasikika nyingine nyembamba.

Mfugaji au mama mwenye kazi za nyumbani hawezi kukaa ukumbini kutwa. Yeye hushika gurudumu la sala, mkebe wa shaba wenye mpini na kipande kizito kwenye mnyororo, kinachousaidia kuzunguka. Ndani mna karatasi ndefu iliyoviringwa, yenye maneno Om Mani Padme Hum yaliyochapwa mara nyingi mno. Hii ni dua ya Chenrezig, mwenye huruma. Mzunguko mmoja huhesabiwa kama kuyasoma maneno yote yaliyomo. Wabudha hulizungusha gurudumu kufuata mwendo wa saa. Ukimwona mtu akilizungusha kinyume, huenda ni mfuasi wa Bon, dini nyingine ya huko.

Wageni hudhani mkebe humsalia mtu huku yeye akiwaza mengine. Sivyo wanavyofundishwa: mkono uzungushe, mdomo utamke, na moyo uwatakie viumbe wote heri.

Anayefundisha hayo ni lama. Si kila mtawa ni lama, na katika baadhi ya madhehebu lama huweza kuoa. Kabla mwanafunzi hajaanza kughani matini fulani, lama humsomea yote kwa sauti, naye husikiliza tu. Lama mwenyewe alisomewa na mwalimu wake, na huyo na wake, kama ijaza inavyopokezanwa kwa masheikh wa pwani. Asiyepokea hivyo anaweza kuyajua maneno, lakini huhesabiwa kuwa hana idhini wala baraka zake.

Mwaka 1959 Dalai Lama, lama mkuu wa Tibet, alikimbilia India, na walimu wengi wakamfuata. Leo watawa wa Gyuto wana makao karibu na Dharamsala, kaskazini mwa India, na huko wanaendelea kughani.